Kizingiti au flumu kwa mfereji wenye tope? Na geji inasomwaje hasa?

#1 Mgao_Magu
Wakuu, habari za jioni. Mfereji wetu unachota mtoni upande wa Magu na kumwagilia majaluba ya mpunga. Kwenye mgawanyiko wa kwanza kuna kizingiti cha bati kwenye sanduku la zege, kimeziba upana wote, sentimita 80. Kilipofungwa, kutoka mdomo wa bati hadi sakafu nyuma yake kulikuwa na sentimita 50. Leo tope limepanda, zimebaki 12. Masika tukizoa, wiki mbili baadaye limerudi pale pale.

Watu wa chini wanasema wa juu wanapata maji mengi kuliko yanayoandikwa daftarini. Wa juu wanasema jedwali ni jedwali. Maji mengi kabisa tunayopitisha ni lita 110 kwa sekunde. Nimeshauriwa tung'oe kizingiti tuweke flumu ya Parshall yenye koo la futi 1. Je, ni kweli itaondoa shida ya tope? Na geji inafungwa wapi?

#2 Levo_ya_Mpira
Watu wa chini wana haki, mkuu. Jedwali la kizingiti limetengenezwa kwa maji yanayofika taratibu, kutoka kwenye bwawa lenye kina. Kwa lita 110 na upana wa sentimita 80, maji yanasimama kama sentimita 17 na nusu juu ya mdomo. Kina cha nyuma kinatakiwa kiwe angalau mara mbili ya hapo, yaani 35. Nyie mna 12.

Tope likijaa, maji yanafika kwenye bati yakiwa na mbio. Geji inaonyesha kimo kilekile lakini maji yanayopita ni mengi zaidi. Kwa sentimita 12 zako nimepata kama asilimia 14 juu ya hali ya mwanzo. Kwa hiyo daftari linawapunja wa chini kila siku ya masika, na siku mnapozoa tope, daftari linarudi kusema kweli. Ndiyo maana ugomvi hauishi: kosa lenyewe linabadilika kila wiki.

Flumu haitegemei bwawa la nyuma. Inabana maji kwa kuta, maji yanaongeza mbio kwenye koo, na tope laini linapita nayo. Geji yake iko ndani ya mdomo wa flumu, mahali maji yameshaanza kukimbia, kwa hiyo tope la nyuma halina nguvu kubwa juu ya usomaji.

#3 Fundi_Bati
Mnakimbilia gharama bure. Kizingiti ni sahihi kuliko flumu, hilo halina mjadala. Toboa tundu chini ya bati, weka lango dogo la kusukuma tope. Fungua asubuhi dakika kumi, tope linaondoka, funga, pima. Basi.

#4 Levo_ya_Mpira
@Fundi_Bati nusu ya maneno yako ni kweli. Kizingiti kikiwa safi na kimefungwa vizuri, usahihi wake unaishinda flumu. Ila lango la chini linasafisha shimo lililo karibu nalo tu, umbo la karai. Mita mbili nyuma tope linabaki, na maji bado yanafika na mbio. Halafu lango hilo likikamata kijiti lisifunge vizuri, maji yanavuja chini ya bati na hayasomwi na geji yoyote.

#5 Pampu_Igombe
Samahani wakuu, mimi nachota maji ziwani kwa pampu ya inchi 3, nina matikiti na nyanya. Maji yana tope kidogo na mwani. Hiyo flumu naweza kuifunga kwenye bomba nijue lita ngapi?

#6 Mama_Jaluba
@Pampu_Igombe kaka, hapa wanazungumzia mfereji wa wazi, maji yanayotembea yenyewe. Wewe una bomba lililojaa. Elekeza bomba kwenye tangi unalojua ujazo wake, shika saa, gawanya. Tangi la lita 1,000 likijaa kwa sekunde 100 una lita 10 kwa sekunde.

#7 Pampu_Igombe
Ahsante dada, nimeelewa. Nabaki kusoma.

#8 Simba_wa_Mtaro
Tuwe wakweli, flumu nayo inajaa tope. Nimeziona zenye tope mpaka nusu ya geji. Msimdanganye mleta uzi.

#9 Levo_ya_Mpira
@Simba_wa_Mtaro zipo, na mara nyingi sababu ni moja: imewekwa chini mno, maji ya upande wa chini yanairudia. Maji yakirudi nyuma mbio zinakufa, na tope linatua. Flumu iliyozama haipimi wala haijisafishi.

@Mgao_Magu hapa ndipo uamuzi wako ulipo, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kwa koo la futi 1 fomula ni hii, H ni kimo cha maji kwenye geji kwa mita na Q ni maji yanayopita kwa mita za ujazo kwa sekunde:

```
Q = 0.6909 * H^1.522
```

Lita 110 inakupa H ya mita 0.30. Maji ya upande wa chini, yakipimwa kutoka usawa uleule wa sifuri, yasizidi asilimia 70 ya hiyo, yaani sentimita 21. Sasa nenda kwenye mfereji siku unapopitisha lita 110, pima kina cha maji chini ya mahali unapotaka kujenga. Tuseme ni sentimita 40 kutoka sakafu ya mfereji. Toa 21, unabaki na 19. Sakafu tambarare ya mdomo wa flumu lazima ikae sentimita 19 juu ya sakafu ya mfereji.

Upande wa juu maji yatafika 19 na 30, yaani sentimita 49. Awali yalikuwa 40. Kwa hiyo kingo za juu zinapandiwa na maji sentimita 9 hivi, angalia kama zinatosha kabla hazijamwagika kwenye shamba la mtu.

#10 Mtaalam_Nusu
Sahihisho dogo: kikomo cha kuzama ni asilimia 60, siyo 70. Nimeisoma na nina uhakika.

#11 Levo_ya_Mpira
@Mtaalam_Nusu umesoma vizuri, ila ni ya ukubwa mwingine. Asilimia 60 ni ya inchi 6 na inchi 9. Inchi 1 mpaka 3 ni 50. Kuanzia futi 1 hadi 8 ni 70.

#12 Mtaalam_Nusu
Kweli, ukurasa ulikuwa wa inchi 9. Nakubali.

#13 Mama_Jaluba
Kuna kitu kinanisumbua kwenye #9. Ukiinua sakafu sentimita 19, si umejenga kizingiti kingine? Mchanga utasimama nyuma ya hiyo ngazi kama unavyosimama nyuma ya bati.

#14 Simba_wa_Mtaro
Hapo sasa! Dada kaigonga.

#15 Levo_ya_Mpira
Swali zuri, na jibu langu halikamiliki. Huweki ngazi, unaweka mteremko wa kupanda, 1 kwa 4. Kwa sentimita 19 ni kama sentimita 76 za urefu. Tope laini linapanda nao bila shida. Mchanga mzito, ule unaoviringika sakafuni, sehemu yake itabaki chini ya mteremko. Tofauti na kizingiti ni kwamba hata ukibaki pale, geji iko mbele zaidi na sakafu ya mdomo inaendelea kujisafisha. Lakini usiache ujae upande mmoja. Maji yakiingia kwenye flumu kimshazari, ukuta mmoja una maji ya juu kuliko mwingine na usomaji haufai tena.

#16 Sakafu_Moja
Ndiyo maana mimi napendekeza flumu ya sakafu moja, ile isiyo na shimo kwenye koo. Kuta zinabana, zinafunguka, sakafu ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Fundi wa kawaida anaijenga bila kukosea. Ile ya Parshall sakafu ya koo inashuka inchi 9 halafu inapanda inchi 6, mafundi wengi wanaipindisha.

#17 Levo_ya_Mpira
Kwa ujenzi nakuunga mkono. Kwa jedwali siko tayari, maana ile ina vipimo vingi vya urefu na upana na kila kimoja kina hesabu yake. Ukitumia jedwali la ndugu yake umepotea. Parshall ya futi 1 ni moja tu duniani.

#18 Sakafu_Moja
Moja tu ikiwa fundi ameijenga hiyo moja. Koo likitoka sentimita 29 na nusu badala ya 30.5, umeshakosea zaidi ya asilimia 3 kabla maji hayajaingia.

#19 Mto_Kahawia
Wakuu naomba niingize kesi yangu, inahusiana. Tuna Parshall ya futi 1 iliyokwisha jengwa, zege, kwenye mbuga. Geji inasoma sentimita 26. Jedwali linasema lita 89. Nikapima kwa boya mita 20 chini ya flumu: mfereji una upana wa sentimita 70 chini na 130 juu ya maji, kina 32. Boya lilikwenda mita 10 kwa sekunde 36. Nikazidisha mwendo kwa 0.85. Nikapata lita 76 hivi. Lita 13 zimeenda wapi? Hakuna pa maji kutorokea kati ya hapo, nimetembea kote.

#20 Fundi_Bati
Nilisema. Flumu.

#21 Levo_ya_Mpira
@Mto_Kahawia maswali matatu. Moja, maji kwenye koo yanaonekanaje: yanazama chini kwa mbio halafu wimbi linasimama baada ya koo, au uso umelala tu kutoka juu mpaka chini? Mbili, sifuri ya geji iko usawa wa nini? Tatu, geji imefungwa umbali gani kutoka mwanzo wa koo?

#22 Mto_Kahawia
Uso umelala, kuna mawimbi madogo madogo tu. Chini mfereji una nyasi. Sifuri ya geji aliweka fundi, sijui kwa usawa gani. Umbali ni kama futi 3 kurudi nyuma ukifuata ukuta.

#23 Levo_ya_Mpira
Umbali ni sahihi. Ukuta wa mdomo ni futi 4 na nusu, geji inakaa theluthi mbili yake kutoka mwanzo wa koo, ndizo futi 3.

Uso kulala ni dalili ya kuzama. Pima maji ya koo upande wa mwisho, kwa usawa uleule wa sifuri, kwenye kisima cha pembeni kilichounganishwa na koo kwa bomba dogo. Usipime kwenye koo lenyewe, panachezacheza. Ukikuta sentimita 22, basi 22 kwa 26 ni asilimia 85. Kwa hali hiyo jedwali linazidisha kwa kiasi cha kati ya moja ya tano na moja ya sita. Lita 89 zinakuwa kama 73. Hapo boya na flumu wanakaribia kupatana.

#24 Mama_Jaluba
Ngoja kwanza, tusimalize haraka. Sifuri. Geji nyingi zinafungwa sifuri ikiwa kwenye sakafu ya mfereji au popote pale ubao ulipofika. Sifuri lazima iwe usawa wa sakafu tambarare ya mdomo, pale inapokutana na koo. Ikiwa sifuri ya huyu ndugu iko sentimita 2 chini, basi 26 ni 24 kweli, na jedwali linasema lita 79. Hapo tayari lita 10 kati ya 13 zimepatikana bila kuzama kokote.

Kuikagua: chukua mpira wa kuonea usawa wa mafundi, ujaze maji, toa mapovu yote. Ncha moja kwenye sakafu pale koo linapoanza, ncha nyingine kwenye geji. Piga alama. Usitegemee kusimamisha maji kidogo juu ya sakafu ukaita sifuri, maji yanajikunja pembeni na tope linaongeza milimita zake.

#25 Sakafu_Moja
Na kwenye mbuga ukague usawa wa flumu yote. Udongo ule mweusi unavimba masika na kupasuka kiangazi. Flumu ikilala upande mmoja, geji ya kulia na ya kushoto hazisemi kitu kimoja. Mdomo ukiinamia mbele, sifuri inabadilika yenyewe bila mtu kugusa geji.

#26 Jaluba_la_Mwisho
Mbona hakuna anayelitaja ziwa? Ziwa Victoria lilipanda sana Mei 2020, mashamba ya kando yalimezwa na maji. Mfereji unaoishia bondeni karibu na ziwa maji yanarudi nyuma. Mkuu hata akifyeka nyasi zote hatapona.

#27 Mto_Kahawia
@Jaluba_la_Mwisho flumu iko mbali na ziwa na juu zaidi, mfereji unaishia majalubani kabla ya bonde. Sidhani ni ziwa.

#28 Jaluba_la_Mwisho
Majaluba ya mwisho yakifungwa midomo yote maji yanajaa kurudi juu vilevile. Ziwa au jaluba, kwa flumu ni mamoja.

#29 Levo_ya_Mpira
Hoja ya #28 ina uzito. Pima siku ambayo midomo ya chini imefunguliwa na siku imefungwa. Geji ikipanda wakati lango la juu halijaguswa, umezama.

#30 Simba_wa_Mtaro
Mmeisahau boya. Kwa nini kila mtu anaamini boya ndiyo hakimu? Boya linapanda uso wa maji, uso una mbio kuliko chini. 0.85 ni ya mto wenye kina. Kwa sentimita 32 za maji kwenye mfereji wa udongo wenye nyasi, tumia 0.66 hivi. Mwendo wake wa uso ni kama mita 0.28 kwa sekunde, eneo ni mita 0.32 za mraba. Kwa 0.66 anapata lita 59, siyo 76.

#31 Mto_Kahawia
Sasa pengo limekuwa lita 30! Nimekuja kuponywa, nimeongezewa ugonjwa.

#32 Mama_Jaluba
@Mto_Kahawia pole. Hiyo 59 nayo usiisadiki moja kwa moja. Kina cha 32 ulipimaje? Fimbo ikizama kwenye tope laini, unahesabu tope kama maji. Funga kisahani chini ya fimbo ili isizame, pima tena sehemu tano za upana, siyo katikati tu.

#33 Levo_ya_Mpira
Nakubaliana na #30 kwamba boya linayumba, sikubaliani kwamba linafuta ushahidi wa koo. Uso uliolala hauna tafsiri nyingi. Kuzama na sifuri vyaweza kuwepo pamoja, na vikiwa pamoja unaweza kushuka hata chini ya 73.

#34 Mgao_Magu
Wakuu nafuatilia, nimejifunza kuliko nilivyouliza. Turudi kwangu: geji inasomwa namna gani kila siku? Msomaji wetu anasoma mstari wa tope uliobaki kwenye ubao.

#35 Mama_Jaluba
Huo mstari ni wa maji ya jana, au ya saa yalipokuwa juu. Afute ubao kwanza kwa kitambaa. Achuchumae macho yawe karibu na usawa wa maji, akisoma akiwa amesimama juu ya ukingo anakosea sentimita nzima. Asome pale uso wa maji unapokata ubao, siyo maji yaliyopanda juu kwa kugonga unene wa ubao. Kama uso unacheza, asome juu na chini mara tano au sita, achukue katikati. Aandike na saa. Akigeuza lango, asubiri maji yatulie kwanza ndipo asome.

#36 Levo_ya_Mpira
Nakazia hiyo. Kwenye H ya sentimita 20, kosa la sentimita 1 ni zaidi ya asilimia 7 ya maji.

Mkiweka kisima cha pembeni kwa ajili ya geji, bomba lake ndilo litakaloziba kwanza kwa maji yenu. Kipimo chake ni ndoo moja: mimina kisimani, tazama. Maji yakishuka upesi na kurudi usawa wa kwanza, bomba ni zima. Yakibaki juu, au yakishuka kwa uvivu, limeziba na kinachosomwa ni maji ya zamani. Kwa tope lenu ningeanza na ubao ukutani ndani ya mdomo, kisima kibaki cha ukaguzi.

#37 Fundi_Bati
Na geji mbili, basi? Ya juu na ya koo?

#38 Levo_ya_Mpira
Ndiyo. Ya koo haisomwi kila siku. Inasomwa nyasi zikikua, na siku majaluba ya mwisho yanapofungwa.

#39 Sakafu_Moja
Na mawe ya kutosha baada ya flumu. Maji yanatoka na mbio, yakichimba shimo pale, ncha ya zege inabaki hewani halafu flumu inainama. Pia ukuta wa kuzuia maji kupita chini na pembeni, uingie kwenye udongo pande zote mbili. Maji yakipata njia pembeni, geji haiyaoni.

#40 Mgao_Magu
Nimepima leo jioni kina cha upande wa chini: sentimita 43 kwa maji ya kawaida, na nyasi hazijafyekwa. Kwa hesabu ya #9 nikitoa 21 napata 22 za kuinua. Juu yatafika 52. Kingo zetu za juu zina 60.

#41 Simba_wa_Mtaro
"Maji ya kawaida" ni lita ngapi? Kama hazikuwa 110, hiyo 43 si ya kutumia.

#42 Mgao_Magu
Kwa kizingiti ilikuwa lita 95. Ila kizingiti chenyewe ndicho tunachokishtaki.

#43 Levo_ya_Mpira
Ongeza ile asilimia 14 unafika karibu na 108, kwa hiyo uko jirani. Lakini zoa tope la nyuma ya bati kwanza, kina kirudi 35 au zaidi, usome siku hiyohiyo kabla tope halijajaa. Hapo jedwali la kizingiti linafaa, na kina cha 43 utajua ni cha lita ngapi. Kizingiti chako kifanye kazi hiyo ya mwisho kabla hujaking'oa.

#44 Mto_Kahawia
Nimeleta mpira wa usawa. Sifuri ya geji iko chini ya sakafu ya mdomo kwa milimita 11 upande wa kulia. Upande wa kushoto hakuna geji, ila sakafu yenyewe imeshuka milimita 6 kule. Ya koo bado sijapima, maji ni mengi.

#45 Mama_Jaluba
Milimita 11 zinakuondolea lita 5 na kidogo. Zilizobaki bado zinadai mwenyewe.

#46 Simba_wa_Mtaro
Boya.

#47 Jaluba_la_Mwisho
Midomo ya majaluba ya mwisho. Mkuu, nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajafungua, usome.